Emsii alikariri harusi, mimi nilikariri insha: sote tukaaibika

Leo nina udaku kidogo, halafu udaku huo utanipeleka kwenye jambo ambalo limenikaa rohoni tangu kidato cha nne. Msiondoke katikati, tafadhali.

Jumamosi moja mwezi uliopita nilialikwa harusi hapa Mombasa. Emsii alikuwa yule mkubwa. Simtaji jina, na nyinyi msilitaje kwenye komenti, kwa sababu wengi mmeshamjua. Huyu jamaa ana maneno matamu, lakini ukihudhuria harusi zake tatu utagundua kuwa maneno ni yaleyale. Utani ni uleule, dua ni ileile, hata pale anapojifanya ametokwa na machozi ni sekunde ileile. Basi akafika mahali pake pa kila siku: "Naomba mama mzazi wa bwana harusi asimame, tumpigie vigelegele!"

Ukumbi ukanyamaza kimya. Mama wa bwana harusi alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Bwana harusi akainamisha macho mezani. Mwishowe shangazi yake akasimama, akapunga mkono huku anafuta machozi, na vigelegele vikapigwa kwa shida.

Watu walimlaumu sana yule emsii kwa kukosa heshima. Mimi sikumlaumu kwa hilo. Najua hakukusudia. Kilichomponza ni kwamba alikuja na harusi yake kichwani, akaifunga ile harusi ya watu mbele yake asiione. Najua kwa sababu nami nilifanya hivyohivyo, tofauti ni kwamba mimi nilifanya kwenye karatasi.

Nilipokuwa kidato cha nne, nilikuwa na insha moja niliyoikariri neno kwa neno. Niliinakili kutoka daftari la msichana aliyetutangulia, na yeye sijui aliitoa wapi. Ilianza na jogoo kuwika, jua likachomoza likitoa miale ya dhahabu, ndege wakaimba nyimbo tamu, umande ukameremeta, mimi nikarauka, nikakoga, nikavaa mavazi yaliyonikaa kama yaliumbwa pamoja nami. Baadaye basi likapata ajali, watu wakapiga usiahi, nikazinduka hospitalini. Swali likija la methali nabandika methali mwishoni. Likija la mdokezo nabandika mdokezo. Nilijiona mjanja kweli.

Kwenye mtihani wa majaribio, yani moki, methali iliyokuja ilikuwa "Mgaagaa na upwa hali wali mkavu." Mimi msichana wa pwani, methali ya pwani, ningekosaje? Nikaandika jogoo wangu, miale yangu, ajali yangu. Mstari wa mwisho nikaandika kwamba kweli wahenga hawakukosea waliponena mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Nikafunga karatasi nikitabasamu.

Nilipata alama 03 kwa 20. Pembeni mwalimu aliandika kwa wino mwekundu: "Nani aligaagaa hapa? Na wali wake uko wapi?"

Nilimkasirikia wiki nzima. Kwenye mafunzo nilijitetea kwamba Kiswahili changu kilikuwa sanifu. Akaniambia kitu ambacho mpaka leo nakikumbuka: "Kiswahili hiki si chako binti, hiki nimekisoma kwa wanafunzi wanne leo asubuhi."

Sasa ngoja niwaeleze adhabu hiyo hutoka wapi, kwa sababu wengi hudhani mtahini ana chuki na maneno mazuri. Hana. Kwenye KCSE, karatasi ya kwanza ya Kiswahili ni insha mbili kwa saa moja na dakika 45. Ya kwanza ni ya lazima, mara nyingi barua, hotuba, kumbukumbu za mkutano na mfano wa hizo. Ya pili unachagua. Kila moja ina alama 20. Ukichanganya karatasi zote tatu za Kiswahili unapata 200, kwa hiyo insha moja peke yake ni sehemu moja kwa kumi ya somo zima. Si kitu cha kuchezea.

Mtahini haanzi kwa kuhesabu makosa ya herufi. Anaisoma insha yote kisha anaiweka kwenye ngazi. A ni kuanzia 16 hadi 20, B ni 11 hadi 15, C ni 6 hadi 10, na D ni 5 kushuka chini. Mle ndani ya D ndimo mlimo na kaburi la insha za kukariri. Aliyepotoka na kuiacha mada huangukia 03. Aliyejitungia swali lake mwenyewe akalijibu hushuka zaidi, kwenye 01 au 02. Sasa ukileta ajali ya basi kwenye swali la mtu mwenye bidii, wewe umefanya nini kama si kujitungia swali? Lugha hata ikiwa asali, inasahihishwa ikiwa tayari iko kaburini.

Halafu kuna suala la nafasi, na hili hakuna aliyewahi kunionyesha mpaka nilipohesabu mwenyewe. Insha kamili ni kama maneno 400. Kwa mwandiko wa kawaida, mstari mmoja una maneno tisa hivi, kwa hiyo ni kama mistari 44. Jogoo wangu na miale yake na ndege wake vilichukua mistari 12. Zaidi ya robo ya insha imekwisha na hakuna mtu aliyefanya lolote linalohusu methali! Ndo maana hata wale wanaojitahidi kurudi kwenye mada baadaye hujikuta wamebakiwa na aya moja ya kukimbizakimbiza. Mtahini anaona hoja nyembamba, anakupa C hata kama ungeweza B.

La tatu ni mshono. Fundi cherehani yeyote atakwambia, kiraka kinajulikana kwa mshono. Aya ya kwanza mtoto anaandika "mawio yalipochomozea upeo wa mashariki", aya ya pili yuleyule anaandika "nikaenda kwa duka ya mjomba kununua mkate wa kula". Hapohapo mtahini anajua mwandishi ni wawili. Tena kipande kilichokaririwa hugombana na kisa chenyewe. Mwanzo unasema ilikuwa Jumamosi, mbele mhusika yuko darasani anafundishwa hesabu. Mwanzo unasema jua limetanda, aya inayofuata anateleza kwenye matope ya mvua ya usiku. Mimi kwenye insha yangu niliandika mashavu ya mtu ni meupe kama theluji. Theluji! Mimi ambaye nimezaliwa Likoni, theluji nimeiona kwenye friji tu.

Mwaka huu binamu yangu, mdogo wangu wa damu kabisa kwa jinsi tulivyolelewa, anafanya KCSE. Alikuja kwangu likizoni na daftari. Nikalifungua, nikakutana na nani? Jogoo! Jogoo yuleyule, miaka yote hii hajachoka kuwika. Ameongezewa tu mbuzi wanaolia.

Nikamwambia, "Hili lichane."

Akashtuka. "Dada, nikilichana nitaandika nini? Mimi Kiswahili changu cha mtaani. Hili ndilo linalonibeba."

Hofu hiyo ni ya kweli, siwezi kuicheka. Mtoto hakariri kwa uvivu, anakariri kwa sababu ukurasa mtupu unatisha. Kwa hiyo sikumwambia aingie mtihani mikono mitupu. Nilimwambia atenganishe mifupa na nyama. Mifupa ya insha unaweza kuikariri, tena inakupasa. Nyama lazima itoke kwenye swali lililo mbele yako siku hiyo.

Mifupa ni nini? Chukua barua rasmi. Anwani ya mwandishi, tarehe, anwani ya mwandikiwa, mtajo, kichwa kinachoanza na KUH au MINT, mwili, kimalizio, sahihi na jina. Hiyo ni sura yake, na ukiikosea unakatwa alama. Kariri hiyo hata usingizini uitamke. Lakini ile sentensi ya "Nina furaha isiyo na kifani kuchukua fursa hii adhimu" usiende nayo. Swali likiwa ni barua ya kulalamika maji hayajafika mtaani wiki tatu, furaha hiyo isiyo na kifani ya nini?

Hotuba vilevile. Kariri kwamba unaanza kwa kuwatambua waliohudhuria kwa ngazi za vyeo, unawasalimu, unataja kilichowakutanisha, ndipo unaingia kwenye hoja. Usikariri orodha ya wageni. Kuna watoto wanaowasalimu waziri na mkuu wa kaunti kwenye swali linalosema wewe ni kiranja unazungumza na kidato cha kwanza. Huyo ni emsii wetu, anamwinua mama ambaye hayupo ukumbini.

Kwenye insha ya hoja, mifupa ya kila aya ni minne: taja hoja, ieleze, ipe mfano, irudishe kwenye swali. Maneno kama "isitoshe" na "licha ya hayo" ni gundi tu, yanafaa pale ambapo kweli kuna vitu viwili vya kuunganisha. Na soma agizo. Aliyekariri "madhara ya simu" akikutana na swali linalotaka faida na madhara, atajibu nusu akiamini amejibu lote.

Sasa nikamrudisha binamu kwenye methali iliyonizika mimi. Nilimpa dakika 52, kwa maana ukigawa ule muda wa karatasi kwa insha mbili unapata hizo. Saba za kupanga, 40 za kuandika, tano za kusoma tena.

Kwenye zile saba nilimwambia achore mstari katikati ya karatasi ya kazi chafu. Methali nyingi zina pande mbili, na kisa lazima kiguse zote mbili. Ukitimiza upande mmoja tu huvuki C. Upande wa kushoto akaandika "mgaagaa na upwa", kulia "hali wali mkavu". Nikamuuliza, kugaagaa na upwa kwenye kisa chako ni kitendo gani? Wali mkavu ni hali gani? Kitoweo kitakuwa nini?

Akafikiri. Akasema, "Kuna jirani yetu alikuwa anatafuta pweza, akaja akanunua ngalawa." Basi, swali limeshapata nyama! Kushoto akaandika: kila maji yakitoka Juma huenda mwambani, anakosa, anaumia mguu, anarudi tena. Kulia akaandika: nyumbani walikula wali na chumvi, baadaye wakala na mchuzi, mwisho akapata ngalawa.

Halafu akapanga kazi ya kila aya. Sikumruhusu kupanga maneno, kazi tu. Aya ya kwanza: tuuone wali mkavu. Ya pili: agaegae mara ya kwanza na akose. Ya tatu: kikwazo, wenzake wamcheke, mguu uumie. Ya nne: abadilishe mbinu, apate. Ya tano: wali umebadilika, na methali itajwe pale inapochomoza yenyewe. Mifupa hiyo mitano inafaa methali nyingi za bidii na subira, na hakuna atakayekukata alama kwa kuwa nayo, kwa sababu haionekani. Kinachoonekana ni Juma.

Tatizo likabaki kwenye mwanzo. Binamu alimpenda jogoo wake jamani, hakutaka kumwacha. Akaniuliza kwa unyonge, "Kwani alfajiri imekatazwa kabisa?"

Swali zuri sana. Haijakatazwa. Nikampa kipimo ambacho sasa nakitumia hata kwenye maandishi yangu humu: ichukue sentensi yako, ihamishie kwenye insha nyingine ya mada tofauti. Ikikaa bila kubadilishwa hata neno, haina kazi yoyote hapa, ifute. Ikikataa kukaa, hiyo ni ya kwako, ibakize. Miale ya dhahabu inakaa kwenye harusi, kwenye ajali, kwenye matanga, kwenye mechi ya mpira. Kwa hiyo ni ya kufuta.

Akaandika upya. Mwanzo wake ukawa hivi:

"Maji yalikupwa kabla hakujapambazuka vizuri. Juma alijua ana saa chache tu kabla hayajarudi kuufunika mwamba. Alichukua ndoo na chuma chake cha kuchomolea pweza, akapita jikoni alipokuwa mamake anapakua wali wa jana. Juu ya wali hapakuwa na kitu ila chumvi."

Umeona? Alfajiri bado ipo, lakini sasa ina kazi. Maji yamekupwa, muda ni mfupi, ndiyo maana Juma anaharakisha. Na wali mkavu umeingia kwenye mstari wa nne badala ya wa arobaini na nne. Jaribu kuyahamishia maneno hayo kwenye insha ya ajali ya basi. Hayaendi.

Hakuna msamiati wa kupigia magoti mle ndani. Yeye mwenyewe alilalamika kwamba ni rahisi mno. Nikamwambia msamiati uliokariri usiutupe, uweke akiba, ila kila neno lisubiri zamu yake. Anayo methali "Bandu bandu huisha gogo", aliipenda. Ilipata zamu kwenye aya ya nne, Juma alipoanza kuweka akiba ya pesa kidogokidogo kwenye kopo. Hapo imekaa. Zile nyingine sita alizotaka kuzirundika kwenye aya ya mwisho hazikupata zamu, zikabaki nyumbani.

Niseme ukweli pia, ili asije mtu akanilaumu kesho. Njia hii haiwezi kuficha lugha mbovu. Insha ya kwanza ya binamu bila jogoo ilikuwa na makosa ya upatanisho mengi tu, "ndoo chake", "mguu ulioumia lake". Kukariri kulikuwa kunayafunika. Lakini afadhali makosa yaonekane mwezi wa nne nyumbani, yarekebishwe, kuliko kuyafunika mpaka Novemba. Na hata yakiwepo, insha iliyojibu swali kwa lugha ya kawaida ina pa kupandia ngazi. Ile iliyopotoka haina, hata ikipambwa vipi.

Aliporudi shule alimpelekea mwalimu wake ile insha ya Juma. Akanitumia picha. Alama 11 kwa 20. Mimi hiyo methali ilinipa 03. Tofauti ya alama nane, na mtoto huyu lugha yake wala haijafikia yangu ya wakati ule. Chini mwalimu aliandika, "Zingatia upatanisho. Lakini huyu Juma nimemwona."

Nilisoma maneno hayo matatu ya mwisho mara nyingi. Ndiyo yaliyokosekana kwa emsii wetu pia. Angeuliza tu, dakika mbili kabla ya kushika maikrofoni: wazazi wa bwana harusi wapo? Nani atasimama upande wake? Angebaki na mpangilio wake uleule, wazazi kwanza, kisha wazee, kisha marafiki. Angebadilisha jina moja tu: angemwinua shangazi kwa heshima, na yule kijana asingeinamisha macho siku ya harusi yake.

Haya, nimemaliza. Sasa zamu yenu. Mstari gani wa insha ulikariri shuleni na mpaka leo unaujua kwa moyo? Utupie hapo chini tucheke pamoja. Na mwenye mdogo wake anayefanya mtihani mwaka huu, chukua daftari lake usiku huu, mtafute jogoo.